Kaniki za Rupia Kumi na Mbili

Ilianza siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa Shaabani, saa tatu ya asubuhi, pale mama aliponiambia nijifunge nguo safi niende naye kwa Bwana Wakala. Sikutaka. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya mlango. Mgeni akinisalimu huwa najibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Mama alijua hivyo, lakini alisema akienda peke yake atalia, na akiwa na mimi pembeni ataona haya kulia.

Shida yenyewe ilikuwa ya dada yangu. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki, na safari hii alisema harudi tena. Shemeji yangu ni mwenye mitumbwi, mtu wa kusikilizwa hapa Rumonge. Alikwenda kwa mwalimu wa msikiti, ambaye ndiye anayetuamulia mambo ya ndoa, akasema vizuri kabisa, kwa sauti ya chini kama mtu aliyeonewa, kwamba yeye hamfungi mwanamke kamba. Anayetaka kwenda na aende, ila amrudishie mahari yake. Rupia kumi na mbili za fedha, kama alivyozitoa yeye, si mbuzi, si mihogo, si nguo. Mwisho Ijumaa kabla ya sala. Zisipofika, mkewe ainuke amfuate nyumbani, na maneno yaishe.

Wanaume wote barazani walisema hiyo ni haki. Mimi nilikuwa nyuma ya mkeka uliotundikwa, upande wa wanawake, na haki sikuiona. Miaka mitatu dada aliwasha moto alfajiri akapokea samaki wa mitumbwi yake, akabeba maji, akapigwa. Nani alimhesabia hayo? Na mahari yenyewe haikuwako. Ilimuuguza baba, ikamzika. Baba alikuwa karani wa boma, ndiye aliyenifundisha herufi za Wadachi, yaani Wajerumani, baada ya mimi kuhitimu Kurani chuoni kwa mwalimu, na alipokufa hakuacha kitu ila kalamu na madeni ya dawa.

Kwa hiyo tukaenda kwa Bwana Wakala.

Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa duka na uwanja ambapo mama alifanya kazi. Mwenye mali ni Mdachi mmoja wa Usumbura, huonekana hapa meli ikileta mzigo tu. Siku nyingine zote mkubwa ni Wakala, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa, Kiswahili chake kinateleza kama mawese. Sisi wa ziwani, tunaosema mutoto na muti, alituita jina moja tu, washenzi, hata tuliokwenda naye msikiti mmoja.

Mama alikuwa msimamizi wa wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Wavuvi wanavua usiku wa giza, kwa moto, kwa sababu ndagala wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa hawaoni haja ya kuufuata moto wa mtu, na mitumbwi inalala. Asubuhi wanawake wanawamwaga ndagala juu ya mchanga, wanawageuza, wanawapakia makapu. Kila siku ya kazi inatiwa alama katika kipande, ile karatasi ngumu yenye nyumba thelathini zilizochorwa. Nyumba zikijaa zote ndipo mtu analipwa: wanawake wengine rupia nne, mama rupia tano kwa usimamizi wake. Usiku wa mbalamwezi hakuna kazi ya ndagala wala alama, basi kipande kimoja kinakula karibu miezi miwili.

Njiani mama alirudia maneno yake kwa kunong'ona, akihesabu kwa vidole. Nilimsikia akikosea na kuanza upya. Moyo wangu ulikuwa tayari umechemka, hata kabla hatujafika, kwa kumwona mama yangu mtu mzima akijifundisha maneno kama mtoto wa chuo anayeogopa fimbo.

Wakala alikuwa mezani, nyuma yake rafu za nguo, pembeni mizani na magunia ya chumvi. Hakutukaribisha kukaa. Mama akasimama mikono mbele.

"Bwana, sikuja kuomba sadaka," alisema. "Nimekuja kuomba mushahara wangu wa mbele. Rupia kumi na mbili. Mutoto wangu iko na shida, na shida yenyewe inafika kesho kutwa."

Akaeleza habari ya dada, kwa kifupi, bila kumtukana shemeji. Kisha akasema jinsi atakavyolipa. Katika kila kipande kitakachojaa, Wakala amkate rupia mbili, ampe tatu. Vipande sita, deni limekwisha. Na kama kifo kitakuja kati, nyumba yetu ina milango miwili mizuri ya mvule, aing'oe.

Wakala akacheka kidogo puani. Akasema hesabu ni nzuri kwa mtu ambaye hajui hesabu. Vipande sita vya ndagala si miezi sita. Kazi yenu ni ya giza, mwezi ukitoka mnakaa mnasukana nywele, kwa hiyo deni hilo litamaliza mwaka, naye anapeleka hesabu zake Usumbura kila miezi mitatu. Atamwambia nini Mdachi, kwamba pesa zake zinangoja mwezi uzame?

Nilifikiri mama atanyamaza. Hakunyamaza. Alisema hilo amelifikiria. Siku za mbalamwezi atachukua hapa ngazi za duka, hayo matunda ya mchikichi, akaziponde nyumbani, na mawese yatakayotoka, badala ya kulipwa hela zake kwa kila kibuyu kama wengine, yaandikwe upande wa deni. Kwa hivyo kila mara Wakala atakapopeleka hesabu, deni litakuwa limepungua, giza au mwanga.

Wakala akamtazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta tundu akalikosa.

"Haya, bibi. Umeshinda," akasema. "Nakubali."

Akachovya kalamu, akaandika. Mama akapumua, nikamsikia. Mimi mwenyewe nilikaribia kumpenda mtu yule. Kisha akainuka, akageukia rafu, akateremsha doti sita za kaniki, nguo nyeusi za kujifunga, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, akazipiga kwa kiganja vumbi likaruka.

"Rupia mbili doti moja. Sita. Kumi na mbili hizo."

Mama hakuelewa. Akasema, Bwana, ni fedha niliyoomba. Wakala akamweleza polepole, kama anayesema na kiziwi, kwamba fedha iliyomo sandukuni ni ya kulipa vipande kesho, haitoki kwa jambo jingine. Anayechukua mbele ya wakati anachukua mali, na mali ya duka ni nguo. Ndivyo inavyofanyika hapa kwa kila mtu. Kama hataki aseme, aifute.

Nilimtazama mama. Nilitaka aseme futa. Nilitaka azisukume zile nguo zianguke. Yeye akazikusanya kifuani, akainamisha kichwa.

"Murakoze, Bwana," akasema.

Njiani nilitangulia mbele. Nilikuwa na hasira na Wakala, lakini Wakala alikuwa mbali na mama alikuwa karibu, basi hasira yote nikamtupia yeye kimoyomoyo. Murakoze ya nini? Unamshukuru mtu aliyekupa kaniki wakati shemeji ametamka kwa kinywa chake, si nguo?

Hatukurudi nyumbani. Tulikwenda sokoni na kaniki zetu, na huko nikajifunza jambo jingine la kunikasirisha. Kila mchuuzi aliijua kaniki ile, jinsi inavyokunjwa na uzi mwekundu unaoifunga. Mwanamke akija sokoni na kaniki mpya, uzi haujakatwa, watu wanajua ametoka kukopa kwa Wakala na ana haraka. Mchuuzi wa kwanza alitoa rupia moja na robo kwa doti. Wa pili alituuliza wa kwanza ametoa ngapi, akatoa hiyohiyo. Wa tatu, mtu wa Nyanza mwenye tumbo, aliigusa kwa kidole kimoja akasema, "Mama, hizi nguo nazifahamu kuliko watoto wangu. Zinatoka pale, zinapita hapa, mimi ninamrudishia Wakala mwenyewe kwa rupia moja na nusu. Kila mtu anakula kidogo."

Kila mtu anakula kidogo. Aliyasema akitabasamu, kama anatupa habari njema.

Mara sita ya rupia moja na robo ni saba na nusu. Mama alianza kufungua fundo la kanga yake kutazama kama ana zaidi ya nilivyojua. Hakuwa na kitu ila hela chache za chumvi. Akasema labda shemeji atapokea saba na nusu na nyingine baadaye. Akamnyooshea yule wa Nyanza doti ya kwanza.

"Mama, usiuze," nikasema.

Sijui nilitoa wapi sauti. Nilikuwa sina shauri lolote, nilikuwa na hasira tu. Lakini mama alishtuka kunisikia nasema mbele ya mwanaume nisiyemjua, akairudisha ile doti kwapani, na yule mchuuzi akasema kumbe huyu binti si bubu, leteni tena kesho, kesho nitatoa rupia moja kavu.

Nyumbani tulimkuta dada ameketi mlangoni. Aliziona kaniki. Mama alipomaliza kueleza, dada aliingia ndani, nikamsikia anakunja mkeka wake. Alikuwa anafunga mzigo. Hakulia, hakulaumu, alifunga tu, kwa mkono wa kulia, akisaidia na meno. Nilimwambia aache. Akasema afadhali arudi leo kwa miguu yake kuliko kuja kuchukuliwa Ijumaa mbele ya watu. Akasema pia, na haya ndiyo maneno yaliyonichoma, kwamba akirudi mapema labda hatapigwa sana.

Nikakaa chini karibu na zile kaniki nikaziangalia kama adui. Rupia mbili doti. Nani katika nchi hii hununua kaniki hii kwa rupia mbili? Na jibu lilikuwa ndani ya swali. Wanawake wa uwanjani ndio hununua. Ni wao tu. Kila malipo, Wakala huketi mezani akahesabu rupia nne katika kiganja cha mwanamke, na mwanamke hapiti mlango na zile nne. Anageuka pale pale, anaonyesha rafu kwa kidole, na mbili zinarudi sandukuni kabla hazijapata joto la mkono. Sokoni mchuuzi haoni haja ya kuuza rejareja kwa wanawake wetu, mzigo wake wote anaukusudia bara, au humrudishia Wakala. Na kesho ilikuwa malipo, kwa kuwa giza lilikwisha na vipande vya wengi vilijaa pamoja, ila si cha mama, aliyekosa siku nyingi akimuuguza dada. Na Ramadhani inakuja, na baada yake Idi, hakuna mwanamke asiyetaka nguo.

Nikamwambia mama tuwauzie sisi, palepale kwenye malipo. Nilisema haraka haraka, nikijikanyaga. Dada alitoka na kamba mdomoni, akasimama kusikiliza.

Mama alizipanga upya zile kaniki. Akasema Wakala ataona. Ni mezani pake, ni wateja wake. Nikasema na aone, kaniki ni zako, atakukata vipande sita kwa ajili yake. Mama akasema, "Mimi nimekwisha kusema murakoze. Siwezi kusimama mbele yake nikaila shukrani yangu. Wewe hukusema kitu."

Hivyo ndivyo ilivyoniangukia mimi.

Alhamisi asubuhi nilisimama nje ya mlango wa duka, hatua chache kutoka kizingiti, kaniki zikiwa juu ya mkeka. Mama alikuwa uwanjani anakunja mikeka ya kuanikia, amenigeuzia mgongo. Wanawake walikuwa ndani wanalipwa. Wa kwanza kutoka alikuwa jirani yetu mnene, anayesema sana. Rupia zote nne zilikuwa bado mkononi kwa sababu alitaka kwanza kutoka nje kuzitazama kwenye jua. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akapita. Nikafungua tena.

"Shangazi, kaniki. Rupia mbili. Shuka moja rupia moja."

Akarudi. Kwa sababu doti ni shuka mbili, na dukani Wakala hakati, ukitaka moja unachukua mbili. Mimi nilikuja na kisu cha dada. Yule jirani akaishika, akanusa, akasema ni ileile ya ndani. Nikasema ni ileile, ni ya mama, ni kwa ajili ya dada, mahari kesho. Sikuhitaji kueleza zaidi. Uwanja mzima ulikuwa unajua kile kidole.

Akakaa chini pale pale kwenye mkeka kama yuko kwake, akaanza kuita wenzake kwa Kirundi kupitia mlangoni, kwa sauti ya kuvuka milima. Msiguse rafu. Njooni huku, kuna nusu doti kwa nusu bei. Wakatoka. Mmoja alichukua shuka, mwingine akachukua doti nzima, wawili walinunua doti moja wakagawana nikawakatia, kisu kikaenda upande, wakasema si neno, binti, atakayeona pindo langu ameinama kutafuta nini.

Ndani Wakala aliona watu wanapokea hawaonyeshi rafu. Akatoka na kalamu sikioni.

Aliuliza nani ameniruhusu kufanya soko mlangoni pake. Akasema hiyo ni nguo ya duka. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, na nikiwa navitazama hivyo nikamjibu.

"Ilikuwa ya duka mpaka jana. Uliiandika kwa jina la mama."

"Niliitoa avae, si afanye biashara na watu wangu."

"Doti sita, Bwana?" akauliza yule jirani kutoka chini. "Bibi yule mwembamba avae doti sita? Angekuwa mgomba."

Wakacheka. Wakala hakucheka. Akawaambia waje ndani, nguo ziko nyingi, mpya zaidi. Jirani akamwambia kwa adabu kabisa, "Bwana Wakala, nguo ni ileile na bei ni ileile uliyotuwekea wewe. Tofauti iko wapi?" Na mwanamke mwingine aliyekuwa anajifunga shuka yake akasema, "Tofauti iko kwenye sanduku."

Hapo Wakala alikasirika hata Kiswahili chake kizuri kikamkimbia. Hakunigusa. Mimi ni mtoto wa karani wa boma, pengine alilifikiria hilo, au aliwafikiria wanawake kumi wamekaa mlangoni na meli iko njiani na giza jingine linakuja na ndagala hawajianiki. Alimwita mama kutoka uwanjani. Mbele yetu sote akamwambia kwamba kuanzia kipande kijacho yeye si msimamizi tena. Atalipwa rupia nne kama wenzake. Na mbili za deni zitakatwa vilevile, maana alitoa ahadi, na ahadi imeandikwa.

Nne kutoa mbili. Vipande sita, karibu mwaka mzima, mama, mimi na sasa dada, kwa rupia mbili kila miezi miwili, na mawese yote kwenye deni. Nilihesabu kabla hajamaliza kusema. Nilitaka kumrushia kile kisu, nasema kweli. Nilitaka mama amwambie kitu, hata neno moja baya.

Mama akasema, "Sawa, Bwana. Nitalipa." Lakini safari hii hakusema murakoze. Nililingoja neno lile, na Wakala pia nadhani alilingoja, kwa maana alikaa pale kidogo. Halafu mama akainama, akaokota rupia kwenye mkeka wangu, akazifunga katika pindo moja baada ya nyingine mbele ya macho yake. Zilipofika kumi na mbili akageuka akarudi kwenye mikeka yake ya kuanikia, kwa sababu kazi ya siku ile ilikuwa bado haijaisha.

Jioni hatukufurahi kama watu wanavyodhani. Mama alikuwa na hesabu kichwani. Dada alifungua mzigo wake. Mimi niliandika habari hizi mpaka mafuta ya taa yakapungua na mama akaniambia nizime, mafuta nayo tangu leo ni ya kuhesabu. Hasira haikuwa imepungua. Niliona wazi kwamba tumelipa mara mbili, shemeji kwa fedha na Wakala kwa mwaka, na wote wawili watakwenda msikitini Ijumaa kusimama safu ya mbele.

Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, tulikwenda kwa mwalimu. Shemeji alikuja akiwa amevaa vizuri, amekuja kuchukua mke. Mama alifungua pindo. Shemeji akapiga rupia ya kwanza juu ya jiwe asikie mlio, akapiga ya pili, akapiga zote kumi na mbili, na mwalimu akiangalia. Hakuna iliyokuwa mbovu. Akatamka maneno ya kumwacha, kwa sauti ileile ya chini ya mtu aliyeonewa, akaondoka bila kuaga.

Dada aliniuliza kama nitaweza kwenda kumchukulia kinu chake, kwa maana hakutaka kuuona mlango ule tena, na kinu kile alikuja nacho kutoka kwetu. Nikaenda peke yangu. Shemeji alikuwa amekaa kizingitini. Sikumwamkia. Nilipita kando ya magoti yake, nikaingia mpaka jikoni, nikakiinua kinu kichwani na mchi mkononi, nikapita tena kando ya magoti yake nikatoka. Kilikuwa kizito, kilinisaga utosi njia nzima. Nilipofika nyumbani nilikiweka chini, nikamwaga ndani yake ngazi za mama, nikaanza kuponda.